Kinyama cha Ngozi

Fundi cherehani alilala ubavu, magoti kifuani, akauangalia ukuta. Daktari, mama wa makamo aliyevaa glovu, aliinama kumchunguza sehemu ya haja kubwa.

"Mama, huu uzi umeufunga wewe?"

"Ndiyo. Uzi wangu wa kushonea. Nilitaka hiki kinyama kikauke, kidondoke."

"Loo! Siku nyingine usijifanyie kituko kama hiki." Akaukata taratibu, akasafisha palipovimba. "Kilianza lini?"

Kilianza baada ya uzazi wa mwisho. Bawasiri ilimvimba, ikamtesa, kisha ikanywea yenyewe. Kikabaki kinyama laini. Fundi akakiona uchafu, akawa anakisugua kwa sabuni ya dawa kila aendapo chooni, mpaka ngozi ikawasha na kuchubuka. Kwa aibu akahamia chumba cha watoto. Miaka miwili. Mumewe, seremala mpole, alimuuliza, "Mama watoto, nimekukosea nini?" Alijibu, "Hujanikosea kitu," akageukia ukutani. Mwezi wa tano gari likamgonga seremala akitoka kazini. Alikufa bila kupewa jibu jingine.

Daktari alivua glovu. "Hiki si ugonjwa. Uvimbe ulipopungua, ngozi iliyotanuka haikurudi. Hakigeuki kuwa saratani, wala hakimwambukizi mtu."

"Hata mume?"

"Hata mume."

Fundi aliketi, akajifunika vizuri.

"Hiyo sabuni acha," daktari aliendelea. "Maji ya uvuguvugu yanatosha. Kausha kwa kugusagusa na kitambaa laini, usisugue. Vaa chupi za pamba, kunywa maji, kula mboga na matunda, usijikamue chooni. Ukiona damu, au kikakua au kuwa kigumu, rudi tukiangalie. Huu mchubuko utapona."

"Na kukitoa?"

"Si lazima. Kikikusumbua kwenye kujisafisha, au usipokipenda tu, tutakitoa kwa sindano ya ganzi. Kidonda kitauma siku kadhaa. Unataka?"

Fundi alicheka, kicheko kibaya, kikageuka kilio. "Nitakitoa kwa ajili ya nani sasa?"

Daktari alisogea karibu. Alimshika mkono tu.

Waswahili husema, mficha maradhi kifo humuumbua. Huyu fundi kifo kilimwacha mzima, kikaenda kumchukua mtu aliyekuwa akisubiri jibu. Kama ni adhabu, mimi naiona imezidi. Angesema sentensi moja tu, yule seremala angemcheka na kumwambia asogee.

Alipofika nyumbani, alijiosha kwa maji ya uvuguvugu, akajikausha kama alivyofundishwa. Kisha akachukua mto wake kutoka chumba cha watoto, akaurudisha kwenye kitanda ambacho mumewe alikiunda kwa mikono yake. Akalala kwa upande wake, uso umeelekea palipokuwa pa mwenzake.

"Hukunikosea kitu, baba watoto," alisema. "Ilikuwa ngozi tu."