Nimehama

"Mshahara wako una akili kuliko wewe," mumewe alisema kwenye simu. "Umerudi nyumbani wenyewe. Na wewe ufuate."

Kisha akakata.

Pasi alibaki ameshika simu katikati ya chumba cha kunyooshea mashuka, mvuke ukimpanda usoni. Pale kwenye kiwanda cha dobi hakuna aliyekuwa akimwita kwa jina lake. Walimwita Pasi kwa sababu alikuwa msimamizi wa mashine ya kunyooshea, na kwa sababu, walivyosema wenzake, ukimgusa vibaya unaungua. Lakini siku hiyo aliyeungua alikuwa yeye.

Alikuwa ameondoka kwa mumewe wiki tatu nyuma, na binti yake na mabegi mawili. Wiki hiyohiyo alifungua akaunti yake peke yake kwenye benki nyingine, maana ile ya zamani ilikuwa ya wawili: jina la mumewe kwanza, lake la pili, na yeyote kati yao angeweza kutoa pesa bila kumwuliza mwenzake. Tangu walipooana mshahara wake uliingia humo, na ujumbe wa benki ulikwenda kwenye simu ya mumewe. Akitaka kujua kama amelipwa, ilibidi aulize. Wakati mwingine alijibiwa, na wakati mwingine aliambiwa, "Kwani unataka kununua nini?"

Sasa alikuwa na chumba. Mwenye nyumba alimkubalia aingie kwa sehemu tu ya kodi, akasema, "Mwisho wa mwezi, jioni, nikute yote. Nisipoyakuta, kuna mtu mwingine anakitaka." Mwisho wa mwezi ulikuwa leo.

Alivua aproni akaenda ofisini.

Mhasibu wa mishahara alikuwa akila njugu kutoka kwenye bahasha. Wafanyakazi walimwita Bwana Kesho, na hakuna aliyehitaji kuelezwa kwa nini.

"Mshahara wangu umeingia kwenye akaunti ya zamani," Pasi alisema. "Niliwaambia mapema kwamba nimebadilisha benki."

"Hukuniambia mimi."

"Nilituma ujumbe kwenye simu ya ofisi. Ulinijibu 'sawa'."

Bwana Kesho alifuta vidole, akaitafuta simu ya ofisi kwenye droo, akaperuzi polepole, kisha akamgeuzia kioo. Ulikuwepo ujumbe wake wote: *Habari za kazi. Nimehama. Naomba mbadilishe kumbukumbu zangu. Maelezo mengine nitaleta.*

"Nikabadilisha," alisema Bwana Kesho, akageuza kompyuta. Pale palipoandikwa makazi, palikuwa na jina la mtaa wake mpya. "Nilimwuliza dada wa getini unakaa wapi siku hizi, akaniambia. Mtu akiniandikia amehama, nabadilisha anakoishi. Ulitaka niote kwamba umehama benki?"

Pasi alihisi masikio yakimchemka. Alikumbuka alivyokaa kwenye kitanda kisichokuwa na shuka, akiandika ujumbe ule na kuufuta, akiandika na kuufuta. Hakutaka ofisini wajue ameachana na mtu. Alitafuta neno ambalo lingesema kila kitu bila kusema chochote, akalipata, na sasa lilikuwa limemtia kitanzini.

"Basi zirudisheni," alisema. "Mtume kule kwingine."

"Dada, zikishaingia kwenye akaunti yenye jina lako, sisi tumeshakulipa. Ungekuwa umeifunga, benki ingezikataa, zingeturudia baada ya siku kadhaa, tukakulipa upya. Lakini iko wazi, zimepokelewa. Tunaweza kuiandikia benki izirudishe, ila haiwezi kuchomoa pesa kimyakimya. Itawauliza wenye akaunti. Wote."

"Yaani imwulize yeye."

"Na yeye akikataa, barua yetu itakaa mezani mpaka iote uyoga." Akatia njugu mdomoni. "Akaunti si bado ni yako? Nenda kachukue mwenyewe."

"Na mwezi ujao?"

"Lete barua ya benki mpya yenye jina lako, namba ya akaunti na tawi. Ujaze fomu hapa mbele yangu, na kitambulisho mkononi. Ujumbe wa simu siufanyii kazi, hata ungeandikwa kwa wino wa dhahabu. Matapeli wanatuandikia kila siku wakijifanya wafanyakazi. Na uilete kabla sijafunga orodha ya malipo, katikati ya mwezi. Ukichelewa, usinililie."

"Ungeniambia haya siku ile badala ya 'sawa', nisingekuwa hapa."

"Na wewe ungeandika 'benki', usingekuwa hapa." Hakuinua macho. "Funga mlango, vumbi linaingia."

Pasi aliufunga kwa nguvu iliyotosha kudondosha kalenda ukutani.

Barabarani simu iliita tena. Mumewe alikuwa fundi wa magari, na nyuma ya sauti yake nyundo ziligonga bati.

"Asubuhi nimepita kwenye mashine ya benki nikachukua kiwango inachoruhusu kwa siku," alisema, kama anayehesabu vifaranga. "Mchana nikitoka napita dirishani mle benki nizoe zilizobaki. Au uje tule pamoja, mke wangu. Mlango uko wazi."

"Mlango ule niliufunga mwenyewe."

"Mwenye nyumba wako atakufungulia? Kwa nini, kwa uso wako mzuri?"

Akakata simu. Alikuwa ameshaongeza hatua.

Benki ya zamani ilikuwa ng'ambo ya barabara, mkabala na gereji ya mumewe. Ndiyo maana waliichagua, zamani hizo walipokuwa bado wanachagua vitu pamoja. Pasi aliingia kwa mlango wa upande, akaketi kwenye foleni, uso ameuelekeza ukutani. Kadi yake alikuwa ameikata kwa mkasi usiku ule alioondoka, akijiona shujaa. Sasa aliuonea mkasi ule uchungu. Lakini kitambulisho alikuwa nacho.

Karani wa dirishani alikuwa mwanamke wa rika lake, mwenye miwani iliyoshuka puani.

"Nataka kutoa pesa," Pasi alisema. "Kadi sina. Ni akaunti ya wawili, mimi na..." Maneno yote ya wiki tatu yalisimama mlangoni yakisukumana yatoke: mtu huyu ananinyanyasa, mtu huyu ameshaanza kuzitafuna, mtu huyu si mume tena. "Mimi na huyo mwanamume tuna..."

"Mama," karani alimkatiza, kwa sauti ya chini. Alitazama kadi ya sahihi kwenye skrini, kisha akamtazama yeye. "Kabla hujaendelea. Akaunti hii yeyote kati yenu anaweza kutoa. Mimi sikuulizi zaidi ya hapo. Lakini mwenye akaunti akiniambia kwamba wenyewe wana ugomvi, utaratibu unanilazimisha niizuie mpaka waje wote wawili na kusaini. Hapo hatoi wewe wala yeye. Sasa, ulikuwa unasemaje?"

Pasi aliyameza maneno yale. Hakuwahi kumeza kitu kigumu namna ile.

"Nilikuwa nasema nataka kutoa pesa."

"Kiasi gani?"

Hapo alisita. Ndani mlikuwa na pesa za gereji pia. Angeweza kukomba mpaka sakafu, na kuna sehemu yake iliyokuwa ikimwambia akombe, amwachie sauti ya sarafu moja. Akamfikiria binti yake, aliyemwuliza jana kama baba ni mwizi, na yeye akajibu hapana, ila amezoea kushika visivyo vyake.

Aliandika kiasi cha mshahara wake, kama kilivyokuwa kwenye hati ya malipo ya mwezi uliopita. Si zaidi. Alichochukua mumewe asubuhi, akilini mwake akakiweka upande wa mumewe. Akasaini polepole ili sahihi isitetemeke ikakataliwa.

Mashine ilizihesabu noti kwa mlio wa mbawa. Alikuwa akizisukumia mfukoni mwa ndani wakati mlango wa mbele ulipofunguliwa kwa kishindo. Bila shaka ujumbe ulikuwa umeshafika, kwenye simu ya mwenye jina la kwanza.

Mumewe aliingia na ovaroli yenye grisi, spana bado mkononi. Mlinzi alimnyooshea kidole kwenye spana, naye akaiweka mezani bila kumtazama.

"Rudisha," mumewe alimwambia.

Pasi alifunga mfuko.

"Nimesema rudisha. Wewe karani, unampaje huyu pesa? Huyu si mke wangu. Amehama kwangu, amenikimbia na mtoto, tuna kesi mimi na yeye. Asipewe hata senti humu ndani, umenisikia?"

Watu kwenye viti waligeuza shingo. Karani alipandisha miwani.

"Bwana, unaniambia kwamba nyinyi wenye akaunti mna ugomvi?"

"Ugomvi? Huu ni vita."

"Mbele ya mashahidi wote hawa," karani alisema taratibu, akaanza kubonyeza vitufe. Akamwita msimamizi wa tawi. Msimamizi akaja, akasikiliza, akamwomba fundi arudie, na fundi akarudia kwa sauti kubwa zaidi na mifano.

"Basi akaunti imezuiwa kuanzia sasa," alisema msimamizi. "Mpaka mje wote wawili."

"Vizuri," alisema fundi. "Asiguse tena."

"Na wewe pia."

Fundi aliangalia spana yake mezani kama mtu anayetafuta hesabu yake ilipopotelea. "Lakini humo mna pesa zangu za vipuri," alisema, na sauti yake ilikuwa imenywea. "Mteja anasubiri gari kesho."

Wazee walisema mdomo uliponza kichwa. Pasi alimpita karibu kiasi cha kunusa oili, harufu ambayo miaka kadhaa iliyopita alikuwa akiipenda, akatoka nje.

Alikwenda benki yake mpya kuomba barua, kisha kazini. Bwana Kesho alisukuma fomu mezani bila salamu.

"Andika sababu ya mabadiliko."

Pasi alishika kalamu, akaandika kwa herufi kubwa: NIMEBADILISHA BENKI.

"Sasa umejifunza kuandika," Bwana Kesho alisema. Lakini alilinganisha namba na barua tarakimu kwa tarakimu, mara mbili, akagonga muhuri, na kumpa nakala. Kalenda ilikuwa bado sakafuni. Pasi aliiokota, akairudisha msumarini.

Jioni mwenye nyumba alihesabu kodi mlangoni, akaguna, akaondoka.

Mumewe alipiga simu usiku huo, na kesho yake, na keshokutwa. Kwanza matusi, kisha amri. Siku ya nne alisema, kama mtu anayeng'olewa jino, "Naomba uje tusaini."

"Kuifunga kabisa," alisema Pasi. "Zilizomo uchukue wewe, sina changu humo."

"Baada ya miaka yote hii utanifungia akaunti?"

Binti yake alikuwa amelala kwenye kitanda ambacho sasa kilikuwa na shuka, lililonyooka kama karatasi.

"Njoo na kitambulisho," Pasi alisema. "Na usizungumze mpaka tusaini. Unajijua."