Nukta Nyeupe ya Kufuli

Watu sita kati ya kumi walishindwa kufungua kufuli yangu, na mimi, badala ya kujiuliza kwa nini, niliwakasirikia watu.

"Hawana subira," nilimwambia Aristote. "Wanabonyezabonyeza tu kama wanaponda majani ya sombe!"

Aristote alianza kufuta kioo cha simu yake kwa shati. Tulisoma naye darasa moja Kasongo, na kwa miaka miwili tumekuwa tukitengeneza mchezo wa simu katika chumba kimoja karibu na soko, kompyuta mbili juu ya meza moja na paneli ya jua juu ya bati. Ninamjua. Akifutafuta hivyo, ujue ana jambo ambalo sitalipenda.

Katika mchezo wetu wewe ni msichana ambaye ngoma ya bibi yake imeibwa na kufichwa katika ghala moja Nyangwe, ukingoni mwa mto Lualaba. Unapiga kasia, unauliza watu, unajificha, unabembeleza wavuvi wakuvushe. Ndani ya safari hiyo ndefu kuna mafumbo mawili madogo. La Aristote ni la kudukua kompyuta ya karani wa ghala: unabahatisha namba nne za siri, na kila ukibahatisha, kioo kinakuambia ni namba ngapi zimekaa mahali pake na ngapi zimo lakini zimekosea mahali. Unafikiri, unajaribu tena. Una nafasi sita.

Langu ni kufuli ya mlango, na naisema bila aibu: ndiyo roho ya mchezo. Kidole gumba cha kushoto kinasukuma moyo wa kufuli, ile sehemu inayozunguka pamoja na ufunguo. Cha kulia kinainua vijiti vinne vilivyo ndani, kimoja kimoja. Kwa kuwa unasukuma, kijiti kimoja tu kinabana kwa wakati mmoja; vile vingine vinarukaruka kwenye springi zao, na tofauti hiyo huioni, unaisikia kidoleni. Tafuta kinachobana, kiinue mpaka kifike kwenye mstari wake, simu inatetemeka kidogo, tik, kisha kinaanza kubana kingine. Ukilegeza kushoto, vyote vinaanguka. Na muda wote huo mchezo hausimami. Mlinzi anazunguka ghala, taa yake inakaribia, unaona kivuli chake. Vijiti vinne pekee ni kazi ya fundi. Vijiti vinne na mlinzi nyuma yako, hapo moyo unakwenda mbio.

Madame Marie-Thérèse alitoka Kindu kutafuta mchezo mmoja wa kupeleka kwenye maonyesho Kinshasa. Aliupenda wetu, lakini mwanamke huyo hana mzaha. Alitaka ujaribiwe na watu wasiotujua, kwa simu zao wenyewe, kwa sababu ndimo mchezo utakamoishi. Ndiyo maana tulipanda pikipiki siku nzima ya matope hadi Kabambare, tukaweka meza mbele ya kibanda cha mjomba wangu Mahamudu, fundi wa baiskeli na makufuli. Sharti lilikuwa moja: watu saba kati ya kumi wapite mlango wa ghala.

Walipita wanne. Kwenye fumbo la Aristote walipita tisa, na alijitahidi sana asitabasamu.

"Laetitia," Madame alisema, akifunga daftari lake, "fumbo dogo likimkwamisha mutu kwa dakika kumi, anazima simu. Ile safari yote yenye iko nyuma ya mulango, hataiona. Toa kufuli. Weka kitufe: anabonyeza, mulango unafunguka."

"Basi si kufuli tena, Madame! Ni pazia!"

"Pazia inapitisha watu."

Nilimgeukia Aristote anitetee. Alikuwa anaangalia matope ya viatu vyake. "Madame iko na haki kidogo," alisema. "Tunaweza kuitoa kwa nusu saa."

Niliumia. Kufuli ile niliijifunza hapohapo Kabambare, nikiwa na miaka tisa, juu ya benchi ya mjomba. Alinifunga macho kwa kitambaa, akanipa waya mbili na kufuli kuukuu, akasema, sikiliza kwa vidole. Nilipotengeneza fumbo, ndicho nilichotia ndani: usione kitu, sikia. Kuitoa ilikuwa kama kumwambia mjomba kwamba mambo yake hayafai.

"Pikipiki ya dereva wangu Zuberi inaondoka saa kumi," Madame alisema. Ilikuwa saa saba. "Mukibadilisha kitu, nitatafuta watu kumi wapya. Wale wa asubuhi wamekwisha kuona, hawahesabiwi."

Nikaenda kukaa ndani ya kibanda, nimenuna kama mtoto. Mjomba alikuwa ametoka kuswali adhuhuri. Ukutani kuna ubao wake wa kuchajia, simu ishirini zikining'inia kwa nyaya. Mama mmoja anayeuza samaki, Rosine, aliingia kuchukua yake. Nilimkumbuka: alikuwa mmoja wa wale wanne wa asubuhi, alifungua kufuli kwa dakika moja huku akicheka.

"Mama Rosine, asubuhi ulicheza na simu gani?"

"Hii hii. Nilitoka kuiondoa kwa chaji, iko mia kwa mia. Kisha mukwe wangu akapiga simu muda mrefu, nikairudisha tena."

Mia kwa mia. Kitu kikanigusa. Nikatoka mbio kwenye meza, nikachukua daftari la Madame lenye majina bila hata kuomba, nikakimbia sokoni kuwatafuta wale wengine watatu waliopita. Mmoja alikuwa kwenye cherehani yake, mwingine kwenye mihogo, wa tatu nilimkuta amelala chini ya meza ya mitumba. Wote watatu walikuwa wametoka kwa mjomba na simu zimejaa.

Kisha nikamtafuta mmoja wa walioshindwa. "Nionyeshe simu yako, baba, samahani." Chaji ilikuwa asilimia kumi na nne. Juu ya kioo, alama ya kubana matumizi ya betri. Nikajaribu kuitetemesha. Kimya.

"Tunazima vile vitu vyote," alisema, akinishangaa. "Kutetemeka kunakula moto wa betri. Wewe hauzimi?"

Sizimi! Tangu lini nizime? Nina paneli juu ya bati, simu yangu haijui njaa. Kwa miaka miwili tumejaribu mchezo kwa simu zilizoshiba, na kila kitu kufuli yangu ilichosema, ilikisema kwa kutetemeka. Na simu ikibana betri, kutetemeka ndiko huzimwa kwanza. Watu sita walikuwa wakihangaika na kufuli bubu, na mimi nikawaita wasio na subira. Niliona aibu, lakini furaha ilikuwa kubwa zaidi, nikarudi nikikimbia na kupiga kelele katikati ya soko.

"Haikuwa watu! Aristote! Kufuli haisemi! Simu ikiwa na njaa, kufuli haisemi!"

Alielewa kabla sijamaliza. Akajipiga paji la uso. "Yangu inaandika majibu kwenye kioo. Ndiyo sababu walipita."

"Sasa tuiandikie nini? Nikiandika 'kijiti kimebana', si kufuli, ni somo la shule."

Mjomba Mahamudu alikuwa ameketi na kufuli ya mteja mkononi. Hapo ndipo nilipomwangalia vizuri. Hakuwa amefumba macho kama zamani. Alikuwa ameinama, macho yamekaza kwenye tundu la ufunguo, na juu ya moyo wa kufuli alikuwa ameweka nukta ndogo ya rangi nyeupe.

"Mujomba, hiyo nini?"

"Rangi." Alinyoosha vidole vyake, vimekauka kwa asidi ya betri. "Hivi vimekufa, mutoto wangu. Mwaka wa tano sasa. Sisikii kitu. Kijiti kikikaa, moyo unageuka kidogo sana, unywele tu. Mutu hawezi kuuona. Lakini nukta, ninaiona inatoka mahali pake." Alisukuma waya. Nukta ikasogea. "Na chenye kinabana, angalia: wenzake wanaruka, yeye iko muzito."

Nilimbusu kwenye kipara mbele ya wateja wake, akanifukuza kwa kitambaa cha grisi.

Tulifanya kazi kama wendawazimu. Programu tayari ilijua kijiti kipi kinabana. Pale ilipoamuru simu itetemeke, tuliamuru pia moyo wa kufuli ugeuke. Aristote aliugeuza digrii mbili, kama kufuli ya kweli. Kwenye vioo vile vidogo vyenye nyufa hakuna aliyeona. "Tia saba!" "Ni uongo, kufuli haigeuki hivyo." "Ni mchezo, tia saba!" Akatia saba. Mimi nikachora nukta nyeupe, nikafanya vijiti visivyobana virukeruke kwenye kioo na kile kinachobana kipande polepole. Mtetemo tuliuacha kwa wenye bahati. Mlinzi hatukumgusa. Saa nane na nusu tulianza kuirusha kwa Bluetooth kwenye simu za watu wapya.

Wa kwanza akapita. Wa pili akafungua na kupiga yowe. Wa tatu mlinzi alimkamata, akatukana, akarudia bila kuambiwa, akapita. Hilo ndilo lililonifurahisha kuliko yote: alijua alikosea wapi. Wa nne na wa tano walishindwa, nikauma kucha. Kufikia watu tisa, sita walikuwa wamepita na watatu wamekwama. Soko lilikuwa linapungua. Zuberi alishafunga mizigo na kuwasha pikipiki.

"Wa kumi nani?" Madame aliuliza. Hapakuwa na mtu.

"Mimi," alisema mjomba.

"Papa, wewe ni fundi wa makufuli. Si haki."

"Ninajua kufuli. Simu sijui, ninachaji za watu tu. Tangu nizaliwe sijacheza muchezo." Akatoa simu yake mwenyewe, asilimia tano. Mwenye ubao wa chaji! "Na vidole vyangu vimekufa. Ikifunguka kwangu, itafunguka kwa kila mutu."

Madame alifikiri, kisha akampisha kwenye kiti.

Alianza vibaya. Alisukuma mno, mlinzi akamkamata. "Nani huyu?" mjomba aliuliza, amekasirika kweli. Akarudia. Kijiti cha pili, kizito. Nukta ikasogea. Cha nne. Nukta. Kivuli cha mlinzi kikaingia pembeni ya kioo, na mjomba akaanza kumsemesha, "Ngoja, ngoja wewe, pita kwanza." Cha kwanza. Zuberi alizima pikipiki yake akaja kuangalia. Cha tatu kikapanda polepole, nukta ikazunguka duara nzima, mlango wa ghala ukafunguka katika giza.

Nilipiga kelele mpaka kuku wa jirani wakakimbia. Madame aliandika saba, akaizungushia duara. Na hapo hapo simu ya mjomba ikazimika.

Aliigeuza, akaitikisa, akanitazama kama mtu aliyenyang'anywa sahani. Kisha akasimama, akachomoa simu ya mteja kwenye ubao wake na kuchomeka yake.

"Madame asiondoke," alisema. "Ninataka kujua kama mule ndani ngoma iko."