Jumanne Iliyofutwa kwenye Mpango wa Klabu

Mwalimu Verdiana aliandika mpango wa klabu kwenye kurasa mbili za kaunta buku. Siku tano baada ya masomo, wanafunzi kumi na wawili, kompyuta sita, na kila mwanafunzi atengeneze ukurasa wa duka dogo. Jumatatu: mifupa ya ukurasa kwa HTML, yaani jina la duka, maelezo na orodha ya bidhaa. Jumanne: picha. Jumatano: rangi na mpangilio kwa CSS, katika faili la peke yake. Alhamisi: mapambo. Ijumaa: kuonyesha.

Mkuu wa shule, Mwalimu Silvester, aliusoma wote katika chumba cha kompyuta, kilichokuwa stoo ya madawati mabovu, kisha akatoa sharti.

"Ijumaa nitakuja na laptopu yangu. Kila ukurasa ufunguke humo, na wewe usiguse. Zikifunguka, chumba ni chenu kila jioni mpaka mwaka uishe. Zisipofunguka, madawati mabovu yanarudi humu. Sina pengine pa kuyaweka."

"Sawa, Mkuu."

Verdiana alifundisha biolojia. Kompyuta alijifunza mwenyewe, kwa laptopu moja ya mtumba aliyoinunua Mpanda mjini, bila mtu wa kumuuliza.

Siku mbili za kwanza zilikwenda vizuri. Kija wa kidato cha pili, ambaye mama yake huuza asali ya Inyonga, alitengeneza duka la asali. Pacifique, aliyekaa naye kompyuta namba nne, alifungua duka akaliita "Dagaa wa Ikola, Hawana Mchanga".

Jumatano namba nne haikuwaka. Verdiana hakushtuka, maana kila jioni alinakili kazi zote kwenye fleshi, kurasa pamoja na picha. Akaichomeka kwenye namba mbili. Maneno yalitokea yote. Mahali pa picha palibaki kialama cha picha iliyovunjika.

"Madam, dagaa wangu wameliwa!" Pacifique akapiga kelele. "Kija, nyie wa asali mna paka?"

Darasa likacheka. Verdiana aliusoma mstari wa picha polepole. Ulianza na *file:///C:/Users*, ukaendelea hadi kwenye deskitopu ya namba nne. Akafungua kurasa za wengine. Zote kumi na mbili zilikuwa hivyo hivyo, kwa sababu ndivyo alivyowafundisha Jumanne: fungua picha kwenye kivinjari, nakili anwani iliyo juu, ibandike. Nyumbani kwake njia hiyo haikuwahi kumwangusha. Hakuwahi kuuhamisha ukurasa kwenda mashine nyingine.

Angeweza kurekebisha mwenyewe jioni ile. Ilikuwa mistari michache tu.

"Jumanne niliwafundisha vibaya," akasema. Akafungua mpango, akaikata Jumanne kwa kalamu nyekundu mbele yao.

Pacifique aliacha kucheka. "Kwani na walimu mnakosea, Madam?"

"Leo umeona. Kaeni, tuanze upya."

Akawaonyesha: ukurasa, faili la mitindo ya CSS na picha viwe kwenye folda moja, na kwenye mstari wa picha liandikwe jina la picha tu. Kivinjari kitaitafuta palepale ulipo ukurasa.

Jumatano ikaishia hapo, kwa hiyo rangi zikasogea Alhamisi na mapambo yakafutwa. Kija alinung'unika, alitaka pembe za mviringo kwenye masanduku ya bidhaa. Muda uliobaki Alhamisi walihamisha folda kutoka kompyuta hadi kompyuta, wakiharibiana kazi makusudi: mmoja anabadilisha jina la picha au anaihamisha, mwenzake anatafuta kosa.

Ijumaa Mkuu aliweka laptopu mezani, wanafunzi wakanakili folda zao humo kwa fleshi. Kurasa kumi na moja zilifunguka, dagaa wakiwemo. Ya Kija ikatoka na rangi zake zote, bila picha.

Verdiana alifunga mikono nyuma, akaishika kwa nguvu.

Kija hakumtazama mtu. Alifungua folda yake. "Asubuhi nilipanga vizuri," akajisemea, "nikaziweka picha kwenye folda ndogo." Akafungua faili kwa Notipadi. Palipoandikwa *asali.jpg* akaandika *picha/asali.jpg*, akahifadhi, akaufungua upya ukurasa. Chupa ya asali ikatokea.

"Nani amekuelekeza?" Mkuu akauliza.

"Hakuna, Mkuu. Jana Pacifique alinifanyia hivi mara tatu."

"Nne," Pacifique akasema.

Mkuu alicheka, akachomoa ufunguo wa chumba kwenye fungu lake, akamkabidhi Verdiana. "Madawati nitayatafutia banda. Huo mpango uandike upya, safi, niuweke ofisini."

"Nitaandika, Mkuu. Ila hiyo Jumanne ningependa ibaki na mkato wake. Wa mwakani nao waione."

Mkuu aliutazama ule mstari mwekundu. Kisha akaweka saini chini yake.