Saa Moja ya Chakula

Naitwa Kipaza, na jina hilo sikupewa bure. Mimi ndiye niliyepayuka mpaka wapiga pasi wote wa kiwanda chetu cha kufulia wakatia saini ile barua. Kwa hiyo asinipe pole mtu.

Tulikuwa tunaingia saa mbili asubuhi na kutoka saa kumi na nusu. Katikati tulipata chai mara mbili, robo saa kila moja, na nusu saa ya chakula. Lakini mama yangu ana mtoto wa jicho macho yote mawili, na nyumbani tuko wawili tu. Nusu saa haitoshi kwenda kumlisha na kurudi. Nikasema, jamani, tuache chai, tuunganishe yote iwe saa moja ya chakula saa sita. Kwenye barua nikaandika kwa kifupi tu: tunaomba saa moja ya chakula. Msimamizi alikubali upesi mno, na mimi mjinga nikamshukuru!

Leo nimekwenda kwa karani kuchukua kadi ya matibabu ya familia. Anayepewa ni mwenye saa arobaini za malipo kila wiki, wiki kumi na tatu mfululizo. Mama anapasuliwa Jumatatu.

"Dada, una saa thelathini na saba na nusu," karani akasema.

"Toba! Nimekosa siku gani?"

"Hujakosa. Chai ni mapumziko mafupi, tunayalipa kama kazi. Chakula hatulipi. Zamani tulikata nusu saa, ukabaki na nane kwa siku. Sasa tunakata saa nzima, zinabaki saba na nusu. Zidisha kwa siku tano."

"Lakini muda ninaoshika pasi ni uleule!"

"Ni kweli. Ila zamani ulilipwa hata ukinywa chai."

"Na nusu ya saa hiyo ndiyo chai yetu!"

Akanisogezea barua. Mwandiko wangu mwenyewe, na neno chai halimo. Nilitamani kuitafuna pale pale.

"Rudini kwenye utaratibu wa zamani kesho," akasema, "wiki kumi na tatu zianze upya."

Nimefika nyumbani nina hasira hata mlango nimeufunga kwa teke. Mama yuko kitandani, ameshakunja kanga za hospitali. Nikamweleza yote: Jumatatu haipo, na mchana sitakuja tena, miezi mitatu.

Kisha akasema, "Basi usigombane na watu, mwanangu. Niwekee tu chakula karibu, nitakula mwenyewe."

Akanyoosha mkono kwenye kistuli ili nione anavyoweza. Kikombe kilikuwa upande wa pili. Akapapasa, akapapasa, huku ananitabasamia, na mimi nimesimama pale nalia kimyakimya asije akanisikia.