Fomu Chini ya Misumari

Fundi makochi alikuwa amelala chali chini ya kochi la watu watatu, meno yamebana misumari minne, simu ilipolia. Akaiacha. Ikakata, ikalia tena. Ilipolia mara ya tatu akatema misumari kiganjani na kujiburuta nje, maana hakuna anayempigia fundi mara tatu mfululizo kwa jambo la heri, hata mwenye kochi lake.

Alikuwa dada yake mkubwa.

"Bosi, uko wapi? Mama amezidiwa! Anatapika maji ya kijani, tumbo limekuwa gumu kama ubao. Jirani katupakia kwenye gari lake, tunaelekea hospitali kubwa. Njoo na kile kikadi chako."

"Kikadi gani?"

"Cha bima, bwana! Si ulituambia Januari mama yumo? Umelala au?"

"Nakuja," akasema fundi, akakata simu.

Alibaki amesimama katikati ya vipande vya sponji, macho kwenye sanduku la vifaa. Chini kabisa ya sanduku lile, chini ya pakiti za misumari na kopo la gundi lililokauka, kulikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne. Alijua iko pale. Miezi saba alikuwa akilifungua sanduku kila asubuhi bila kuinua zile pakiti za chini.

Nyumba ya fundi ilikuwa na utaratibu wake. Mkewe alikuwa mkuu wa maabara kwenye kiwanda cha dawa, na mshahara wake ulikuwa mara nne ya kile alichopata mumewe mwezi ukiwa mzuri, nayo miezi mizuri ilikuwa michache. Hawakugombana juu ya jambo hilo. Walilizunguka tu, kama watu wanavyozunguka shimo wanalolijua. Kila mwezi, kuanzia tarehe ishirini na tano, mke alimtumia mumewe fedha kwenye simu, mafungu mawili, siku mbili tofauti, ili zisifanane na mshahara. Mume ndiye aliyetoka kulipa kodi, yeye ndiye aliyepanga foleni ya ada shuleni, yeye ndiye aliyemtumia mama matumizi. Wakienda kula nje na ndugu, noti zilipita chini ya meza kabla mhudumu hajafika. Hata friji: mke aliisaka wiki nzima kimyakimya, kisha mbele ya muuzaji akauliza, "Baba watoto, hii unaionaje?" Fundi akaigonga ubavuni kama anayepima mbao, akatoa hukumu: "Tuchukue hii." Ukoo ukambatiza Bosi. Jina likamkaa vizuri, kama koti la kuazima lililomtosha mabegani.

Januari kiwanda kikaruhusu wafanyakazi kuwaandikisha wazazi na wakwe kwenye bima ya afya. Mke akaleta fomu, kaijaza yote kwa mwandiko wake wa maabara. Ilibaki sahihi ya mume na nakala ya kitambulisho cha mama. Fundi akaisoma amesimama. Mwanachama: jina la mkewe. Mwenzi tegemezi: jina lake yeye. Mtegemezi wa nne: mama mkwe, yaani mama yake fundi. Neno *tegemezi* lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

"Nitaipeleka mwenyewe," akasema.

Baada ya wiki mbili mke akauliza, "Ile fomu?" Naye akajibu, "Tayari." Mkewe hakuuliza tena. Na mama na dada, fundi aliwaambia kwamba bima ni yake, ya chama cha mafundi.

Sasa alikuwa anakimbia.

Aliwakuta kitengo cha dharura. Mama yuko kitandani nyuma ya pazia, dripu mkononi, mpira puani, na dada kasimama mlangoni kama askari.

"Ndiye huyu," dada akamwambia karani wa mapokezi kwa sauti ya kusikika mpaka dirisha la dawa. "Ndiye kidume wetu. Mpe kadi, Bosi, watu waingie kazini."

Fundi akatoa kadi. Karani, binti mwenye miwani, akagonga tarakimu, akatazama, akagonga tena.

"Hapa naona mwanachama, mwenzi na watoto wawili. Mama hayumo."

"Angalia vizuri," akasema fundi. "Labda ni mtandao."

"Mtandao unafanya kazi, baba."

"Mashine hizi nazo!" dada akadakia. "Zinajua kukataa tu. Mwambie wewe ni mwanachama."

Karani akamtazama fundi juu ya miwani. Jina la mwanachama lilikuwa pale kwenye kadi, na lilikuwa jina la mwanamke. Binti yule akaigeuza kadi jina chini, akamrudishia, na fundi akamshukuru moyoni, shukrani ya mtu anayejua ni ya muda mfupi.

"Naomba nikapige simu," akasema.

Alipiga. Simu ya mkewe ilikuwa imezimwa. Kiwandani simu hufungiwa kabatini asubuhi, mtu akavaa kofia na buti nyeupe na hakumbuki dunia mpaka saa kumi. Saa ilikuwa sita kasoro. Nyuma ya kadi kulikuwa na namba ya ofisi ya utumishi ya kiwanda. Akaitazama. Kuipiga kulikuwa kumwambia mtu asiyemjua: mimi ni mume wa mkuu wenu wa maabara, nilipewa fomu, nikaificha. Akarudisha kadi mfukoni. Akaenda bombani akanawa mikono. Akarudi kwa karani, "Hebu jaribu tena, huenda imeshaingia," akijua fika hakuna cha kuingia. Karani akajaribu, kwa huruma tu. Fundi akaenda tena bombani. Zikapita dakika arobaini hivi hivi, mikono yake ikawa safi kuliko ilivyopata kuwa tangu aanze ufundi.

Daktari wa upasuaji akamkuta hapohapo.

"Wewe ndiye mtoto wa mama? Ana ngiri hapa kwenye kinena. Utumbo umeingia na umenaswa, damu haipiti. Hii si ya leo, ni ya siku tatu. Kila saa inayopita, kipande kile kinaoza. Kikipasuka ndani…" Akatazama saa yake. "Maji na dawa ya maumivu tumempa. Chumba cha upasuaji kinataka malipo ya awali au barua ya dhamana. Mnangoja nini?"

"Tunashughulikia."

"Shughulikieni haraka."

Muuguzi akafunua pazia: "Anamwita mwanawe."

Mama alikuwa amekuwa mdogo. Jasho limempiga usoni, midomo imepauka, mkono ukatoka chini ya shuka kutafuta wake.

"Baba," akasema, maana ndivyo alivyomwita tangu utotoni. "Usihangaike."

"Mama, siku tatu! Kwa nini hukusema?"

"Nilisema itarudi ndani yenyewe. Huwa inarudi." Akavuta pumzi kwa vipande. "Na wewe… kodi wewe, ada wewe, mimi wewe. Kwa mikono hii hii ya nyundo. Nilikuonea huruma, baba. Nikasema nisikuongezee."

 Fundi alikuwa ameogopa mambo mengi tangu asubuhi: kicheko cha dada, macho ya karani, kimya cha mkewe. Hili halikuwamo. Mama yake alikuwa amelala siku tatu na utumbo unaoza ili asiulemee mgongo ambao haukuwa umebeba kitu.

Akatoka mbio. Hakwenda bombani. Alisimama mbele ya dirisha la karani, dada pembeni, watu kwenye foleni nyuma, akapiga namba ya nyuma ya kadi.

"Utumishi? Mimi ni mume wa mkuu wa maabara. Ndiyo, mume wake. Mama yangu anatakiwa kupasuliwa sasa hivi. Kwenye bima hayumo. Hapana, kosa si lenu. Fomu nilipewa mimi, sikuirudisha. Naomba mumtoe mke wangu ndani, nahitaji barua ya dhamana."

Dada akafungua mdomo. "Mkuu wa maabara? Bosi, si ulisema chama cha…"

"Nilidanganya, dada. Bima ni ya wifi yako."

"Na matumizi ya mama?"

"Yake."

"Ada?"

"Dada, niache kwanza."

Yule wa utumishi akasema barua bila sahihi ya mfanyakazi haitoki, maana gharama itakatwa kwenye mshahara wake, na kumtoa mtu chumba cha vipimo ni mpaka avue mavazi yote na kunawa. Fundi akangoja simu sikioni. Dakika ishirini na mbili. Saa ya ukutani ilikuwa mbele yake, mshale wa sekunde unaruka kama unaogopa. Kisha sauti ya mkewe, fupi:

"Nimesaini. Inatumwa kwa karani sasa hivi. Mama anaongea?"

"Anaongea."

"Nakuja."

Machela ikasukumwa saa saba na nusu. Milango miwili ikafunguka, ikajifunga, taa nyekundu juu ikawaka.

Mkewe alifika na alama ya kofia ya kiwandani bado imemchora paji la uso. Akamsalimia wifi yake, wifi akaitikia kwa sauti ndogo ambayo hakuna aliyewahi kuisikia kwake. Akakaa kwenye benchi karibu na mumewe, nafasi ya mtu mmoja ikabaki katikati.

"Iko kwenye sanduku," fundi akasema. "Chini ya misumari."

"Najua."

Fundi akageuka.

"Niliiona Machi, nikitafuta mkasi," mkewe akasema, macho kwenye ile taa. "Nikairudisha nilivyoikuta. Nikasema nikiigusa nitakuwa nimekuvua nguo. Nikasema utaileta mwenyewe. Ilibaki sahihi na nakala moja tu, baba watoto. Tangu Machi mpaka leo nilikuwa nalinda heshima yako." Akaikalia mikono yake. "Akifa, na mimi nimemuua."

 Zile noti za chini ya meza, yale mafungu mawili, lile swali la friji: fundi alikuwa akidhani ni yeye peke yake anayeogopa.

Saa tisa na dakika kumi daktari akatoka, kofia mkononi.

"Yuko hai. Tumekata kipande cha utumbo, si kidogo. Mngefika hapa jana nisingekata kitu. Usaha ulikuwa umeanza. Siku mbili hizi ndizo zitakazosema, msinilazimishe niwape ahadi."

Akaondoka. 

Simu ya dada ikalia. Akaitazama, akamnyooshea ndugu yake. "Baba mdogo. Na wote wako hapo kwake, wameweka sauti ya juu. Mimi sina la kuwaambia."

Fundi akaipokea.

"Bosi wetu!" sauti ya baba mdogo ikapasuka korido nzima. "Tumesikia umeshalipa, mama yuko ndani. Mwanaume kweli wewe! Nilikuwa nawaambia hapa, huyu kijana…"

"Baba mdogo, aliyelipa ni mkwe wenu. Ndiye anayelipa siku zote. Na mama amechelewa kwa sababu yangu."

 Fundi aliendelea kuishika simu sikioni akisubiri chochote, tusi, kicheko. Mkewe akasogea, akaijaza ile nafasi ya mtu mmoja, macho yake bado kwenye mlango wa chumba cha upasuaji, ambako muuguzi alikuwa akitoka mbiombio na kumwita mtu wa benki ya damu.