Sketi Tatu za Marinda

Mimi nina mdomo, sikatai. Muuza duka la sare ni shahidi, maana siku ile niliingia dukani kwake na watoto watatu wa marehemu dada yangu, nikaanza kumgombeza kabla hajamaliza kunikaribisha.

"Sketi gani hii, jamani? Upindo wenyewe upana wa ukucha! Mtoto akirefuka nitaishusha na nini?"

"Mama, hizi ni za tayari," akasema kwa upole. "Mtoto anavaa, mnaondoka. Shule zinafunguliwa Jumatatu, na leo ni Alhamisi. Mafundi wote wameelemewa."

Alisema kweli. Tena mwenyewe nilikuwa nimeshaamua kununua za dukani, kelele zilikuwa za mazoea tu. Watoto wangekaa kwangu muhula mmoja. Baada ya mazishi ndugu tulikaa kikao, na kaka yetu akawagawa: muhula ukiisha mkubwa, mwenye miaka kumi na miwili, aende kwake, wa kati, tunayemwita Chiriku kwa kupiga domo, aende kwa shangazi yake, upande wa baba, mdogo abaki na mimi. Baba yao alishatangulia zamani, wa kuwasemea hakuwepo. Na mimi mwenye mdomo, siku hiyo niliufunga. Nina vyumba viwili tu, nikajiambia wakubwa wameamua. Watoto tulidhani wako nje wanacheza.

Pale dukani sketi ya mdogo ilimfika kwenye vifundo vya miguu. Ya Chiriku ilimvuka kiuno ikaanguka chini, mwenyewe akacheka mpaka akakaa. Ya mkubwa ndiyo ilimkaa barabara, haikuzidi wala haikupungua. Akajitazama kwenye kioo, kisha akaja karibu yangu.

"Chukua hizi tu, mama mdogo," akaninong'oneza. "Kwa muhula mmoja yangu haitanibana. Shule ya kwa mjomba wanavaa kijani, hii sitaivaa tena."

Nilihisi nimezabwa kofi. Hakunilaumu, na hapo ndipo paliponiuma. Alikuwa ananipunguzia mzigo. Nikamrudishia muuza duka sketi zake zote tatu, nikamwomba radhi, nikawaambia watoto, "Twendeni."

Fundi wa dada yangu anashonea barazani, nyuma ya cherehani ya miguu, na jora la kitambaa cha shule ile huwa halimkosi. Aliponiona akatikisa kichwa.

"Alhamisi, dada? Unanitania."

"Sikutanii. Wapime."

Akaguna, lakini akavuta tepu shingoni. Akampima mdogo. Akampima Chiriku, aliyemuuliza kama uzi huwa unaisha na ukiisha unanunuliwa wapi. Akaja kwa mkubwa, akamzungushia tepu kiunoni.

"Ishirini na mbili," akasema, akaandika. Kisha akanigeukia bila kuiachia tepu. "Wote shule moja? Basi ya mkubwa nitaacha upindo wa inchi nne, na kiunoni niache kitambaa ndani ya marinda. Mwakani tunashusha, tunapanua. Ikishindikana, anaivaa wa kati, halafu mdogo. Marehemu mama yao ndivyo alivyokuwa anataka. Ila kama hawatakaa pamoja, nitakuwa nakula kitambaa chako bure. Sasa niambie, nikate ya muhula au ya miaka?"

"Ya muhula, fundi," mkubwa akajibu haraka.

Chiriku akamgeukia dada yake. Mdogo alikuwa ameshika pindo la kanga yangu.

Niliogopa, sitadanganya. Niliogopa sufuria yangu ndogo na vyumba vyangu viwili. Niliogopa kaka atasema nimemvunjia heshima mbele ya ukoo. Lakini nilipomwona yule mtoto amesimama wima, macho ukutani, anajifanya hajali, nilijionea aibu kuliko nilivyowahi kujionea maishani.

"Kata ya miaka," nikasema. "Zote tatu. Na upindo usinibanie."

Mkubwa akanitazama. "Na mjomba?"

"Mjomba wako niachie mimi. Kwani mdomo huu nimepewa wa kulia tu? Nitampigia leo leo. Hamwendi popote, mnanisikia? Tutabanana humo humo."

 Alishusha pumzi, ndefu, na tepu ikateleza kwenye vidole vya fundi. Fundi akainama, akaisoma upya.

"Ala! Kumbe ulikuwa umebana tumbo? Ni ishirini na nne hii." Akafuta kwenye daftari. "Sasa mwanangu, ulikuwa unajibana kwa nini?"

"Nilitaka nisimalize kitambaa," akasema. Ndipo akalia, kwa mara ya kwanza tangu tumzike mama yake.