Manyoya ya Shingo ya Milord

Mimi Constance sina subira, na kila mteja wa studio yangu hapa mjini Lubumbashi anajua. Usiniletee picha moja ya simu halafu utake muujiza. Vital aliniletea moja tu.

Vital ni mfanyabiashara wa jumla kutoka Butembo, na ukuta wake unapakana na wa dada yangu Mwenya kule mtaa wa Bel-Air. Mbwa wake, Milord, ni jibwa la Kijerumani lenye mgongo mweusi. Kwenye picha alikuwa amevishwa ile koni ya plastiki ambayo daktari wa wanyama humfunga mbwa shingoni asilambe kidonda.

“Tantine, utoshe hii plastiki,” Vital aliniambia. “Kuko bantu banataka bitoto byake. Bakiona hii bataogopa.”

“Ilikuwa na nini?”

“Kaoperesheni kadogo.”

Nilimwomba picha nyingine, ya kabla ya koni, nijue shingo yenyewe ilivyo. Hakuwa nayo, au alisema hana. Nikaanza kazi. Kwanza nilijaribu kuiachia programu ijaze yenyewe. Ikaniletea mkanda wa ngozi ambao sikuuomba, na manyoya laini kama zulia la saluni. Nikafuta. Nikafungua tabaka jipya juu ya picha, ile ya asili nikaiacha chini bila kuigusa, nikashika kazi kwa mkono.

Koni ile ilipitisha mwanga, kwa hiyo ilikuwa imemwaga weupe mashavuni na kivuli nyuma ya masikio. Vyote viwili vilitaka kuondolewa, la sivyo jicho lingehisi kwamba kuna kitu kimetolewa pale. Shingo nilinakili kutoka begani, nikageuza kipande baada ya kipande, maana manyoya ya shingo hulala kuelekea nyuma na chini. Kwenye kipande nilichonakili kulikuwa na kishungi chepesi cha rangi ya majani makavu. Nilikirudia mara tatu bila kujua. Nilikiona baada ya kumtumia Vital picha, nikaona haya, nikanyamaza.

Kitu kingine nilikiona mapema zaidi. Nilipokuza picha, nyuma ya plastiki kulikuwa na sehemu iliyonyolewa, na ndani yake matundu manne, mawili juu na mawili chini. Hakuna daktari anayepasua hivyo. Yalikuwa meno. Nilijua ni meno, na sikuuliza. Nilijiambia nimelipwa kutoa koni. Nikayafunika kwa manyoya mazuri, nikajisifu.

Wiki mbili hivi baadaye, Jumapili, nilikwenda kula kwa Mwenya baada ya misa. Mtoto wake Sephora, wa miaka sita, alikuwa na kitambaa kwenye kidole.

“Milord ilimuuma,” Mwenya alisema huku akipakua bukari, ugali wetu. “Mutoto aliipa mufupa mu tundu ya mulango ya Vital. Leo siku ya nane.”

Nilirudisha tonge sahanini. “Amechomwa sindano ya kichaa cha mbwa?”

Anaclet, mume wake, ndiye aliyejibu. Ni mtu mpole, mtoto wa mfanyakazi wa reli, hapendi makelele. “Mulamu, usiogope. Ile mbwa aitokake inje. Shiye tuliuliza Vital, akasema ilichanjwa, karte ya chanjo njo ilibakia Sakania kwa ndugu yake. Na alitutumia foto. Angalia, aiko na kidonda hata kimoja. Mbwa ya vile itatosha ugonjwa wapi?”

Akanipa simu. Milord alikuwa amekaa, masikio juu, shingo nzima, safi. Chini Vital alikuwa ameandika kwamba ni picha ya wiki ile ile. Nilikuza shingo kwa vidole viwili. Kishungi kimoja. Cha pili. Cha tatu.

Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa, na aibu ikaja juu ya woga, na kwa sekunde chache, Mungu anisamehe, nilifikiria kunyamaza. Kisha Sephora akakuna kile kidole.

“Hii shingo ni mimi nilifanya,” nikasema.

Hawakuelewa. Ilibidi nifungue picha ya asili niliyokuwa nayo kwenye simu, koni na matundu yake, niiweke kando ya ile nyingine. Mwenya aliangalia moja, akaangalia nyingine. Hakupiga kelele. Alinitazama usoni kama mtu anayetafuta jina langu.

“Ulionaka ile matundu?”

“Nilionaka.”

Alimbeba Sephora mgongoni, mtoto mzima wa miaka sita, akatoka kwenda kituo cha afya. Anaclet alikimbilia kwa Vital, nami nyuma yake, viatu vya misa mkononi.

Vital alikuwa amesimama uani na ufagio, hakufagia. Milord alikuwa amefungwa kwa mnyororo pembeni. Shingoni kulikuwa na kovu na nywele zinazoota vibaya. Taya lilining'inia, mate yakimtoka kamba kamba, na sauti iliyotoka si ya mbwa ninayemjua. Nilimshika Anaclet mkono asisogee.

“Kuanzia jana aikule,” Vital alisema. “Mi nazani ni mufupa ilimukwama.”

“Nani aliiuma?” nikamuuliza.

Alitazama chini. “Mbwa ya barabara. Mwezi ilipita. Niliogopa bantu batasema tuiue.”

“Na ile chanjo?”

Akaanza kufagia. Nilianza kumtukana, na matusi ninayo ya kutosha, ila alinikatiza kwa sauti ndogo.

“Tantine, mi niliomba utoshe plastiki. Manyoya, weye njo ulitia.”

Mficha maradhi kilio humuumbua, ndivyo wazee wanavyosema, na pale tulikuwa wafichaji wawili, ila mgonjwa alikuwa mtoto wa mtu mwingine. Anaclet alimwambia asimguse yule mbwa, afunge lango, amwite daktari wa wanyama. Tukamfuata Mwenya.

Muuguzi wa kituo alikuwa mwanamke aitwaye Graciella, kijana, mwenye uso usiocheka. Aliuliza siku ngapi. Aliposikia nane aliuma mdomo. Aliosha kidole kwa sabuni na maji yanayotiririka, muda mrefu, ingawa jeraha lilikuwa limekwisha kufunga. Akamchoma sindano ya kwanza begani. Akasema kuna nyingine zinafuata, pia serumu, kinga ya kuchoma kwenye jeraha lenyewe, nayo hapo haipo. Anaclet akatumwa hospitali kubwa kuitafuta.

“Tumechelewa?” Mwenya aliuliza.

“Dalili zikianza, atuna tena dawa,” Graciella alisema. “Zikiwa azijaanza, bado tuko na wakati. Kama atakataa maji, ao koo inafungana akitaka kumeza, mumulete mbio.”

Tulikaa kwenye benchi kumngoja Anaclet. Nilimwomba Mwenya msamaha mara mbili, akavuta kitenge chake magotini. Nilisema nitakuwepo kwa kila sindano. Akasema, bila kunitazama, “Utakuwepo.” Haikuwa sauti ya msamaha.

Baadaye Sephora alisema ana kiu. Nilinunua chupa ya maji nje, nikaifungua kwa pupa hata maji yakamwagika kwenye gauni lake. Mwenya na mimi tuliinama pamoja. Mtoto alishika chupa, akatukazia macho, akashangaa kwa nini wakubwa wawili wanamwangalia koo.

Alikunywa funda moja. Halafu la pili. Mwenya alinishika mkono, akaubana hadi kucha zikaingia, naye akaendelea kuhesabu mafunda kwa midomo.